Dogo, ile x ya pande zote mbili

Marahaba dogo. Picha ya daftari nimeiona, jibu lako x = 3 linapendeza kwa macho ila siyo lenyewe. Swali lenyewe ni hili:

5x − 3 = 2x + 18

Sasa chukulia tuko soko la Majengo na mizani ile ya zamani ya sahani mbili. Kushoto kuna boksi 5 za zabibu ila zimepungua kilo 3 (labda kuna mtu alikuwa anaonja onja njiani), kulia kuna boksi 2 na mawe ya kilo 18, na mizani imetulia kabisa. x ni uzito wa boksi moja. Ukigusa upande mmoja tu mizani inalala, kwa hiyo unachofanya huku ufanye na kule.

Kulia kuna boksi 2, zitoe, halafu na kushoto toa 2:

5x − 2x − 3 = 2x − 2x + 18
3x − 3 = 18

Hapa ndo uliteleza. Wewe uliandika 7x − 3 = 18, yaani kulia umetoa boksi 2 alafu kushoto ukaongeza 2, mizani gani itavumilia hiyo? Najua mnaambiwa "hamisha ubadili alama" na mimi nilikaririshwa hivyohivyo, ila hakuna kinachohama dogo, 2x imetolewa pande zote ndo maana kushoto inaonekana na hasi. Ungeweza pia kuanza kwa kutoa 5x, jibu ni lilelile, ila zinakuja hasi kibao na wewe na hasi hampatani.

Kushoto zimepungua kilo 3, zirudishe, na kulia ongeza 3:

3x − 3 + 3 = 18 + 3
3x = 21

Boksi 3 ni kilo 21, gawanya kwa 3 huku na huku:

3x ÷ 3 = 21 ÷ 3
x = 7

Usifunge daftari kwanza. Rudi kwenye swali lenyewe la juu, weka 7 penye x:

Kushoto: 5 × 7 − 3 = 35 − 3 = 32
Kulia: 2 × 7 + 18 = 14 + 18 = 32

Zimelingana. Ya kwako sasa:

Kushoto: 5 × 3 − 3 = 12
Kulia: 2 × 3 + 18 = 24

Umeona? Na ungehakiki kwenye ule mstari wako wa 7x − 3 = 18 ungepata 18 safi kabisa ukaondoka unachekelea, kwa sababu mstari wenyewe ndo ulikuwa mbovu, so hakiki kwenye swali la mwanzo tu, siyo hatua za katikati.

Haya fanya hili, mi kesho alfajiri nakwenda Kibaigwa kwa hiyo nitumie picha leo usiku, na uhakiki wake uwepo:

8x + 1 = 3x + 41