Barua kwa Neema

Neema mwanangu,

Nimeona nikuandikie, maana jana tulipoanza kulizungumza jambo hili la kujipamba shuleni ulikuwa unalia, na mtu akilia hasikii vizuri.

Sijakukasirikia. Kupenda kujipamba ukiwa na miaka 14 si kosa. Kilichonichoma ni ile sababu: kwamba huwezi kuingia darasani bila fondesheni kwa vile mwenzako amezicheka chunusi zako. Siku hizi hata ukiongea na mimi unaziba paji la uso kwa kiganja.

Mwanangu, chunusi hizo si uchafu. Ni mwili unaokua. Ngozi inatoa mafuta mengi kuliko zamani na vitundu vyake vinaziba. Fondesheni nzito kutwa nzima yaweza kuviziba zaidi, na kesho utataka kupaka nyingi zaidi. Osha uso kwa sabuni laini asubuhi na kabla ya kulala, usizitumbue, uzipe wiki kadhaa. Zisipopungua nitakupeleka kwa daktari wa ngozi.

Shuleni, paka losheni ya kukinga jua na mafuta ya midomo yasiyo na rangi. Poda kidogo puani, sawa. Fondesheni, maskara, kope za bandia na rangi ya mdomo vibaki nyumbani. Najua shule imekataza, ila hata isingekataza ningekwambia hivyo hivyo: sitaki akili yako iwe kwenye kioo wakati mwalimu anafundisha. Mwisho wa wiki na kwenye sherehe jipambe, na wanja ukikusumbua niite nikuoneshe.

Mawili hayana mjadala. Usichangie wanja wala maskara na mtu yeyote, hata rafiki wa damu, kwa sababu magonjwa ya macho huambukizwa hivyo. Na krimu za kung'arisha ngozi zisiingie humu ndani. Baadhi zina zebaki, inayoharibu figo, na rangi yako haina kasoro ya kurekebishwa.

Siku ya mdahalo nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Mpinzani wako alipokudakia, ulisema kwa upole, "Naomba nimalize hoja yangu," ukaimaliza, na watu wakapiga makofi. Chunusi zilikuwepo siku hiyo. Wewe mwenyewe ulizisahau.

Yule mwenzako akikucheka tena, mtazame umwambie, "Ni chunusi tu, zitaisha," kisha endelea na shughuli zako. Huna haja ya kumrudishia tusi. Akizidi, niambie, nitakwenda kuonana na mwalimu wenu wa darasa, na sitakuaibisha.

Kama kuna sharti unaliona gumu, liandike nyuma ya karatasi hii, pamoja na sababu zako. Jumamosi tutakaa tulizungumze, na niko tayari kusikia usichokubaliana nacho.

Nakupenda sana,
Mama