Kahawa, sigara na lehemu: nani kavuruga, nani kapitisha?

Ofisi ya mwalimu wa epidemiolojia, saa tisa alasiri. Mwanafunzi kaja na kompyuta yake na zoezi la data ya kubuni waliyopewa darasani: je, kahawa inaleta ugonjwa wa moyo?

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Umelishinda zoezi au limekushinda?

MWANAFUNZI: Limenigeuka. Kahawa peke yake ilinipa uwiano wa hatari wa 1.6. Nikaingiza sigara, ukashuka hadi 1.3. Nikaingiza lehemu, yaani kolesteroli ya damu, ukawa 0.9. Nilianza na kahawa inayoua, nimemaliza na kahawa inayotibu.

MWALIMU: Hebu nione.

```
glm(moyo ~ kahawa + sigara + lehemu,
    family = poisson, data = zoezi)
```

MWALIMU: Sigara umeiweka kwa nini?

MWANAFUNZI: Ni konfaunda, yaani mvurugaji. Anayevuta hupenda kikombe mkononi, na sigara inaharibu mishipa ya moyo. Nisipoiweka, dhambi za sigara anabebeshwa kahawa.

MWALIMU: Safi. Na lehemu?

MWANAFUNZI: Vilevile. Inahusiana na kahawa, inahusiana na moyo. Na nilipoiweka, namba ilisogea zaidi ya asilimia 10.

MWALIMU: Kanuni hiyo ya asilimia 10 imewaponza wengi. Namba husogea ukimtoa mvurugaji, na husogea ukiziba njia. Kompyuta haioni tofauti. Watu wa zoezi hili wanakunywa kahawa gani?

MWANAFUNZI: Ya dele. Inachemshwa, haichujwi.

MWALIMU: Basi ina kafestoli, kitu kilichomo kwenye mafuta ya buni, na hicho hupandisha lehemu mbaya. Karatasi ya kuchujia hukinasa karibu chote. Dele halina karatasi. Sasa chora mishale, kila mmoja kutoka kwenye chanzo kwenda kwenye matokeo.

MWANAFUNZI: Sigara kwenda kahawa, sigara kwenda moyo. Halafu kahawa kwenda lehemu... (anasita) lehemu kwenda moyo.

MWALIMU: Mshale wa sigara na kahawa unatoka wapi kwenda wapi?

MWANAFUNZI: Unaingia kwenye kahawa. Wa lehemu unatoka kwenye kahawa.

MWALIMU: Hapo ndipo penyewe. Sigara imesimama nyuma ya wote wawili. Hata kahawa ingekuwa maji matupu, sigara ingewafanya waonekane ndugu. Lehemu ni midieta: ni barabara ambayo kahawa yenyewe inapitia kwenda kwenye moyo. Umeuliza kahawa inadhuru kiasi gani, kisha ukaifutia madhara iliyopitisha hapo.

MWANAFUNZI: Lakini Mwalimu, kama nimeziba njia hiyo, ningetegemea 1.0, yaani hakuna kitu. Hii 0.9 imetoka wapi?

MWALIMU: Swali hilo ndilo nililitegea zoezi zima. Chukua wazee wawili wa barazani, lehemu yao sawasawa, iko juu. Mmoja anakunywa vikombe sita kwa siku, mwingine hagusi. Huyu asiyekunywa, lehemu yake imepandishwa na nini?

MWANAFUNZI: Labda nyama ya mafuta. Au kairithi.

MWALIMU: Tuseme nyama ya mafuta, na tuseme huyo pia ana chumvi nyingi kwenye sahani, na chumvi inampandishia presha. Ukiwalinganisha watu wenye lehemu moja, wasiokunywa kahawa wamejaa walaji wa sahani hiyo.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo wao ndio wanaougua zaidi, na mnywaji wa kahawa anaonekana amesalimika!

MWALIMU: Mlo na kahawa havikuwa na uhusiano kwenye data hii, niliitengeneza mwenyewe, najua. Wewe ndiye uliyewaozesha, ulipoishika lehemu.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo jibu ni 1.3?

MWALIMU: Kwa swali la athari yote ya kahawa, na kwa kuwa hapa sigara ndiyo mvurugaji pekee, ndiyo. Ukitaka kujua kiasi kisichopitia kwenye lehemu, hilo ni swali jingine. Linajibika, ila lazima uwe umepima ule mlo.

MWANAFUNZI: Na presha? Nilikuwa naikusudia kwenye utafiti wangu halisi. Kahawa inaipandisha, kwa hiyo nayo ni midieta, naiacha nje.

MWALIMU: Usiwe na haraka. Ilipimwa lini?

MWANAFUNZI: Kwani lini kuna tofauti?

MWALIMU: Mtu aliyekutwa na presha, daktari akamwambia apunguze kahawa, mshale wake unatoka wapi?

MWANAFUNZI: Kwenye presha... kwenda kahawa. Na presha inakwenda kwenye moyo. Ah! Hiyo ni konfaunda.

MWALIMU: Presha ileile. Ya kabla ya kahawa iingize, ya baada ya kahawa iache. Dodoso lako linasemaje?

MWANAFUNZI: (anafungua faili, anasoma kimya) Linasema "presha ya leo". Na kahawa ni "kwa miaka mitano iliyopita".

MWALIMU: Bado hujaanza kukusanya, sivyo? Ongeza swali moja: kama aliwahi kuambiwa ana presha, na mwaka gani. Na ukifika hapo, muulize pia alianza kunywa lini.