Nguvu tano na soko la kamba za mkonge: uchambuzi kwa kikao cha wanachama, Muheza

Wazee wangu na ndugu zangu wanachama,

Kikao kilichopita mlinituma nipeleleze soko la kamba kabla hatujasaini mkopo wa shilingi 14,000,000 wa mashine ya kusokotea. Nimetumia kipimo cha Michael Porter, mwalimu wa Harvard aliyekiandika mwaka 1979. Yeye anasema faida ya biashara haiamuliwi na jirani anayeuza kitu kama chako peke yake. Wako wanaotaka kuingia sokoni, yuko anayekuuzia malighafi, yuko anayenunua kwako, na kipo kitu kingine kabisa kinachofanya kazi ile ile. Hizo ni nguvu tano, na kila moja inavuta upande wake. Kazi niliyopewa ni kusema ipi inatuvuta zaidi.

Tuanze na zile ambazo hazitusumbui sana.

Washindani wa ndani tunao. Tanga ni mji wa mkonge, viwanda vya kamba na nyuzi vipo, na vinasokota vizuri kuliko sisi. Ila macho yao yako kwenye oda kubwa na meli. Kwenye rafu za Ngamiani, kamba za mkonge za mita 10 nilizozikuta zilikuwa zetu na za kikundi kimoja cha upande wa Korogwe. Wawili hao hawawezi kuuana kwa bei. Wanaotaka kuingia nao hawatishi, kwa sababu kusokota kwa mkono kila kijiji kinaweza, lakini hakuna anayekimbilia biashara ambayo sisi wenyewe tunapata shilingi 150 kwa fungu.

Upande wa malighafi nilidhani tuko salama, maana mkonge tumepanda wenyewe. Nimebadili mawazo. Majani hatuna shida nayo, shida ni korona, ile mashine inayosaga majani yatoe singa, yaani nyuzi. Jani likishakatwa halingoji: likinyauka kabla ya kusagwa, singa zinatoka vibaya. Na kati ya kilo 100 za majani tunabaki na singa kilo 4 hivi, zilizobaki ni maji na makapi, kwa hiyo kusafirisha majani kwenda korona ya mbali ni kubeba maji kwa nauli. Mwenye korona ya karibu anajua hilo. Mwaka huu amepandisha malipo mara moja, na tukalipa bila neno. Nguvu yake ni ya kati; iandikwe kwenye kumbukumbu, maana siku akipata majani ya shamba kubwa sisi tutasubiri nyuma.

Sasa wanunuzi, ambao ndio chanzo cha manung'uniko yote kikaoni.

Kamba zetu wananunua matajiri wanne wa maduka ya vifaa vya ujenzi, na mmoja wao peke yake anachukua karibu nusu. Bei anapanga yeye: 1,600 kwa fungu la mita 10, wakati sisi fungu linatugharimu 1,450 (singa 900, usokotaji na mengineyo 550). Anachukua kwa mali kauli, anasema siku 30, tunalipwa baada ya 45, na mafungu yaliyoliwa na panya anaturudishia kana kwamba panya ni wa kwetu. Hana mkataba nasi, na akituacha leo hapungukiwi kitu dukani. Kwa alama zote anazozitaja Porter, wanunuzi wachache, wanaochukua kingi, wanaoweza kuhama bila gharama, huyu ni mnunuzi mwenye nguvu kamili. Kama ningeishia hapo, ningeandika “wanunuzi” na kufunga daftari.

Lakini nilikaa dukani kwake asubuhi moja, barabara ya 12, nikisubiri malipo. Akaingia kijana anataka kamba ya kufungia mbuzi. Hakutaja kamba ya aina gani. Mwenye duka naye hakuuliza, alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, akavuta ile ya plastiki ya bluu, akapima kwa urefu wa mikono, akakata kwa kisu cha moto, ncha ikayeyuka na kujifunga yenyewe. Mteja akalipa akaenda. Kamba zetu zilikuwa kwenye kiroba chini, nyuma ya mifuko ya saruji. Nilipomuuliza kwa nini hakumwonyesha yetu, alinijibu kwa upole tu: “Mwanangu, yenu ikinyeshewa inaoza, hii mbuzi atazeeka nayo.”

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha vitu viwili ambavyo kikaoni tunavichanganya. Tajiri anatubana, ndiyo. Je, anatubana kwa ubavu wake, au kwa sababu kichwani pake inaning'inia kamba nyingine?

Nikaona nijaribu. Jumamosi na Jumapili mbili zilizofuatana nilibeba mafungu 60 mwenyewe, nikamruka tajiri, nikauza moja kwa moja kwa watumiaji nje ya soko la Mgandini. Jumamosi nilitaka 2,500, bei ambayo wengi wetu tunaamini ndiyo “haki yetu” tukiondoa dalali. Nikauza mafungu 9. Jumapili nikashusha hadi 2,000, bei ya dukani, yakatoka 38. Yaliyobaki 13 nimeyarudisha, yako kwangu. Nauli, ushuru na chakula vilikula 14,100, yaani 300 kwa kila fungu lililouzwa. Kwa hiyo fungu la 2,000 lilinibakizia 1,700.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kumwondoa mnunuzi mwenye nguvu kumetuongezea shilingi 100 kwa fungu. Shilingi 500 kati ya 2,000 na 2,500 hazikuwa mfukoni mwa tajiri hata siku moja. Waliotunyima ni wateja wenyewe, na sababu yao ilikuwa moja, wameisema kwa maneno tofauti siku zote: “Mbona ya nailoni 1,500?” Jaribio ni dogo, siku chache na soko moja, na fedha yetu inayolala siku 45 nayo ina gharama ambayo sikuihesabu. Hata ukiihesabu, haifiki 500.

Kwa hiyo hukumu yangu: nguvu iliyo kubwa kuliko zote kwenye soko la kamba ni bidhaa mbadala. Mnunuzi ni wa pili, na sehemu kubwa ya ubavu wake ameazima kwa hiyo mbadala. Plastiki ikitoweka kesho, tajiri huyu huyu atatupigia simu yeye. Matajiri wakiwa 40 badala ya wanne, plastiki itabaki pale pale juu ya vichwa vyao na bei yetu haitavuka mstari uliochorwa na bei ya plastiki.

Na mbadala si plastiki peke yake. Wavuvi pale Deep Sea wanatumia nailoni na hawatarudi nyuma, kwa kuwa nailoni haiozi ikikaa majini kama mkonge. Wajenzi wa majukwaa wanafungia waya na misumari. Wafungaji wa mizigo wanachana mipira ya matairi wakapata kamba inayovutika, karibu bure. Kwa kufungia miche na mboga, mkulima anatumia kamba za mgomba. Kila kazi ya kamba tuliyozoea ina angalau njia nyingine mbili.

Wazee wetu hili wameshaliona likitokea kwa ukubwa wake. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, vikonyo 62 tu vikanusurika na safari, vikapandwa Kikogwe kule Pangani. Mwaka 1964 nchi hii ikavuna takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi kama tani 20,000. Watu wanapenda kulaumu kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 na uendeshaji uliofuata, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini kipindi kile kile kamba za plastiki ya polipropilini ziliingia kwa wakulima wa ng'ambo waliokuwa wakifungia majani ya mifugo kwa mkonge, na bei ya dunia ikaporomoka kwa kila mtu, mzuri na mbovu.

Nimeulizwa na wawili watatu kama katazo la plastiki halitatuokoa. Katazo la Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea. Kamba za plastiki zinauzwa kihalali mpaka leo. Kitu kinachoweza kusogeza mstari ni bei ya mafuta, maana polipropilini inatokana na mafuta ghafi, ila huwezi kukopa milioni 14 kwa kutegemea bei ya mafuta ipande.

Na mashine yenyewe? Tuseme inashusha gharama ya fungu kutoka 1,450 hadi 1,250. Faida inakuwa 350. Kulipa 14,000,000 bila riba tunahitaji kuuza mafungu 40,000, yaani kilomita 400 za kamba. Ni kutoka Tanga hadi Dar es Salaam na chenji inabaki. Na tajiri akishajua gharama yetu imeshuka, ile 1,600 haitakaa.

Kuna mahali pamoja ambapo picha ni tofauti, na hapa naomba tupatazame kwa makini. Mafundi wa mikanda ya jipsamu. Nimezungukia karakana sita, Majani Mapana hadi Kange. Fundi anamwaga tabaka la kwanza la jipsamu kwenye kalibu, anatandaza singa za katani juu yake kama mtu anayetandika mkeka wa nywele, kisha anafunika kwa tabaka la pili. Bila katani mkanda unavunjika wakati wa kupandisha darini. Plastiki haifai kwa sababu ni laini, jipsamu haiishiki. Nyuzi za kioo zinafaa lakini ni ghali na zinawasha mikono. Mbadala hapa ni dhaifu. Wanunuzi nao ni wadogo na wametawanyika, kila mmoja kilo 3 hadi 5 kwa wiki, na wanalipa taslimu 5,000 kwa kilo.

Kilo moja ya singa inatoa mafungu manne ya kamba. Tukisokota, kilo hiyo inatuingizia 6,400 na kutugharimu 5,800, faida 600. Tukiichana tu na kumpelekea fundi, tunapata 5,000, tunatoa 3,600 za singa na 400 za kuchana na nauli, faida 1,000, bila kusokota na bila mali kauli. Upungufu wake ni udogo: karakana hizo sita kwa pamoja hazizidi kilo 30 kwa wiki, kwa hiyo lazima tutafute nyingine Korogwe na Handeni.

Napendekeza yafuatayo kwa Jumamosi. Maombi ya mkopo wa mashine tuyasitishe. Usokotaji wa mkono uendelee kwa singa fupi tu, zile ambazo fundi wa jipsamu anazikataa. Singa ndefu ziende karakana kwa miezi mitatu, nami nitaleta daftari la mauzo kila mwisho wa mwezi. Wajumbe wawili wakazungumze na mwenye korona kuhusu bei ya maandishi ya mwaka mzima, mapema, kabla hajasikia kwamba tumepata wateja wa taslimu.

Mafungu 13 yaliyobaki nitakuja nayo. Mwenye mbuzi achukue kwa 1,600.

Mweka Hazina