Hongera kwa Akika ya Binti Yetu Zuhura

Likoni, Mombasa
Jumapili jioni

Kwa wapendwa wetu Salim na Mwanaisha, na kwa wazee na jamaa wote wa kuumeni na kukeni,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemjaalia Mwanaisha kujifungua salama, akatufikisha sote siku ya saba, Ijumaa iliyopita, tukakusanyika katika nyumba ya wazee pale Kibokoni kumpokea mtoto kwa jina lake. Hongereni sana.

Salim, ulipotuarifu kwamba binti ataitwa Zuhura, jina la mamako, tulifurahi, lakini furaha yenyewe tuliiona baada ya mtoto kunyolewa. Bibi alitandaza leso nyeupe mapajani, akaziokota zile nywele laini moja moja hata iliyokuwa imenasa kwenye ukosi wa kanzu yako, kisha akazifunga kwa fundo dogo zikapimwe, na thamani ya uzani wake kwa fedha itolewe sadaka. Shangazi alipomwambia, "Haya, somo yako huyu," hakujibu neno. Alimpakata mjukuu akamsomea dua kwa sauti ya chini mpaka mtoto akalala. Kumpa mtoto jina la mzee angali hai, naye akalisikia likiitwa, ni heshima kubwa mliyomfanyia, na sisi tuliokua naye mtaani twawashukuru kwa hilo.

Ami Abdalla naye twampongeza, kwa kuwa alisimama mwenyewe juu ya mbuzi wa akika, akahakikisha nyama inakatwa kwenye viungo bila kuvunja mfupa, kwa kutarajia mtoto awe mzima wa viungo vyake, na mafungu ya majirani na maskini yakatoka kabla ya sinia la kwanza la pilau kuletwa barazani.

Mama mzaa Mwanaisha ametoka Lamu, akaiacha nyumba yake ili amtunze mwanawe hadi arubaini. Kazi hiyo haionekani na wageni: kuamka usiku, kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga alfajiri. Mama, Mungu akulipe kheri. Nanyi mlio nyumbani, twawaomba mumpokee mtoto japo saa moja mchana, naye apate kulala.

Mola amkuze Zuhura katika afya na imani, amfanye tulizo la macho ya wazazi wake, na ampe bibi yake umri wa kumwona akihitimu chuoni kwa kusoma Kurani.

Jumanne, inshallah, tutavuka feri baada ya Alasiri kuja kumtazama mzazi. Tutamletea doti ya leso, na chakula cha usiku cha nyumba nzima tutakuja nacho, kwa hivyo jioni hiyo msipike.

Wenu katika udugu,
Omar na Fatma, pamoja na watoto