Karatasi ya huduma ya kwanza: msukuma chukudu, mteremko wa Munigi kuelekea Majengo, Goma

Jumanne, 8 Februari 2022. Kwa daktari na wauguzi watakaompokea.

Kwanza mambo manne, kama hakuna muda wa kusoma mengine:

Garo iko kwenye paja la kulia tangu 07:05. Haijalegezwa hata mara moja.
Amesema mwenyewe kwamba penisilini iliwahi kumvimbisha uso.
Amegonga kichwa, na tangu 07:35 anasinzia.
Harufu ya kanyanga inatoka kwenye kidonda. Hakunywa.

Saa zote nimeziandika jinsi simu inavyoonyesha. 07:05 ni saa moja na dakika tano asubuhi.

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 26. Jina lake nimeliandika kwenye plasta iliyo kwenye mkono wake wa kushoto. Yuko na mdogo wake wa miaka 14, ambaye alikuwa nyuma yake na chukudu nyingine na aliona yote.

Walitoka Kibumba usiku na mizigo ya viazi, magunia matatu kwa kila chukudu. Kwenye mteremko, karibu na pale lava ya 22 Mei 2021 ilipokata barabara, mpira wa breki ulichomoka. Alikuwa amepiga goti moja juu ya ubao kama wanavyoshuka siku zote, hakuweza kuruka. Chukudu iligonga tairi la nyuma la Fuso iliyosimama, ikapinduka upande wa mawe. Mguu wa kulia ulibanwa kati ya mbao na jiwe, na gunia moja likamwangukia kifuani. Kichwa kiligonga chini upande wa kulia, juu ya sikio. Hakuwa na kofia.

Je, alizimia? Nimepata majibu mawili, na yote nayaacha hapa. Motari aliyefika wa kwanza anasema alimwita mara tatu bila kujibiwa. Mdogo wake anasema alikuwa akilia tangu mwanzo. Mtoto alikuwa bado anasimamisha chukudu yake huko juu, kwa hiyo mimi ninaegemea maneno ya motari.

Huyo motari ndiye aliyemfunga mara ya kwanza, kwa kipande cha mpira wa tairi, chini kidogo ya goti. Alifunga, halafu akanipigia simu. Simu yake inaonyesha 06:48. Nilipofika 07:00 damu ilikuwa bado inatoka kwa kuruka, nyekundu sana. Wayo ulikuwa umevimba na rangi ya zambarau, lakini mapigo juu ya wayo niliyasikia, madogo. Alichezesha vidole, na nilipogusa kidole gumba alisema anasikia. Kwa maoni yangu ule mpira ulikuwa umebana mishipa ya kurudisha damu tu. Hata hivyo, kwa usalama wa mguu, hesabuni pia kuanzia 06:48.

Kidonda: mbele ya muundi, karibu nusu ya njia kati ya goti na kifundo, urefu kama sentimita 9. Mfupa unaonekana, ncha yake imetokeza upande wa ndani. Ndani kuna vumbi la makaa na vipande vidogo vya lava, vikali kama chupa iliyovunjika. Sikuvichokonoa wala sikurudisha mfupa. Mtu mmoja alikuwa amemwaga kanyanga juu ya kidonda kabla sijafika, kwa nia njema, na shati lake lote limelowa. Naomba sana mtu yeyote asiandike "mlevi" akisikia harufu hiyo. Usinzivu wake uchunguzwe kama usinzivu wa mtu aliyegonga kichwa.

Nilivaa glavu, nikakandamiza kwa kompresi na mikono yote miwili. Kompresi tatu zililowa, damu ikapita kati ya vidole vyangu. Ndipo nikaweka garo ya mkanda mpana na kijiti juu ya suruali iliyokatwa, katikati ya paja, nikakaza mpaka damu ikasimama. Baada ya hapo nilikata ule mpira wa chini. Nimeandika T na saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu nyeusi. Blanketi lisifunike garo.

Damu aliyopoteza siwezi kuipima vizuri. Changarawe ya pale ni nyeusi na inanywa kila kitu: nilidhani ardhi ni kavu, nikapiga goti, na suruali yangu ikalowa damu mpaka kwenye ngozi. Kwa hiyo msitegemee maneno ya watu kwamba "haikuwa nyingi".

Fuso ilikuwa inataka kuondoka, ikabidi tumsogeze kama mita mbili. Nilishika kichwa na shingo, wanaume wanne wakamwinua kwa hesabu yangu. Shingo inamuuma akiguswa nyuma, upande wa kulia. Tangu hapo kichwa kimeshikwa kwa mikono, sikuwa na kola ya shingo. Mguu nimeufunga kwenye mbao mbili za kasha la samaki zilizozungushiwa kikwembe, jinsi nilivyoukuta, bila kuunyoosha. Juu ya kidonda kuna kompresi safi na bandeji isiyobana. Nilimfunika vikwembe viwili kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Vipimo, bila mashine ya presha:

07:08: mapigo 128, hafifu kwenye mkono, pumzi 26. Ngozi baridi, jasho. Nilibonyeza kucha, wekundu ukarudi baada ya sekunde 4. Macho wazi, anajua jina lake na yuko wapi.
07:20: mapigo 120, pumzi 24. Aliniambia: "Mama, mguu ninausikia, lakini kichwa kinanizunguka." Hapo ndipo aliponiambia habari ya penisilini.
07:31: alitapika mara moja, maji na mkate, bila damu. Tulimgeuza mwili mzima kwa pamoja.
07:35: mapigo 118, pumzi 22. Hafungui macho mpaka aitwe. Aliniuliza mara mbili kama viazi vimeibiwa, na mara zote mbili nilikuwa nimeshamjibu.
07:55, ndani ya gari: mapigo 122, pumzi 22. Bado anaamka kwa sauti tu. Mboni za macho ziko sawa na zinabana kwa mwanga wa simu.

Kifua kinapanda pande zote mbili, lakini anaumia akivuta pumzi, kulia chini ya chuchu. Tumbo lilikuwa laini 07:20, sikuligusa tena.

Sikumpa dawa yoyote. Mdogo wake alimpa maji, mafunda mawili, kabla sijafika. Alikula mkate na chai Kibumba kama 03:30. Hakuna dawa anayotumia kila siku. Kuhusu chanjo ya pepopunda, hakumbuki kama aliwahi kuchomwa.

Ambulansi haikupatikana. Tuliondoka 07:48 kwa teksi-basi, viti vya nyuma vimetolewa, mimi nikiwa kichwani na motari akishika mguu. Njia nzima mdogo wake alikuwa akimwambia, "Yaya, usilale."

Nimemkabidhi kwa muuguzi wa mapokezi 08:10. Garo wakati huo ilikuwa na saa moja na dakika tano, na nimemwambia kwa mdomo pia. Mtoto ana simu na pesa za kaka yake, faranga 18 500, tumezihesabu pamoja mbele ya muuguzi. Yeye mwenyewe hajala tangu Kibumba na ana michubuko kwenye viganja ambayo sikuwahi kuisafisha.

Sekuristi wa kujitolea, mtaa wa Majengo. Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka daktari aniambie hanihitaji tena.