Uchambuzi: Kwa nini Mfereji wa Panama ulipungukiwa maji mwaka 2023, na nini kinaweza kufuata

Mwezi Novemba 2023 kampuni moja ya nishati ya Japani ililipa karibu dola milioni 4 kwenye mnada, juu ya ada ya kawaida, ili meli yake iruke foleni ya kuvuka Mfereji wa Panama. Wakati huo Mamlaka ya Mfereji ilikuwa imepunguza idadi ya meli zinazovuka kwa siku kutoka 36 hadi 24, na ilikwishatangaza kwamba ifikapo Februari 2024 zingebaki 18 tu. Miezi mitatu kabla, mwezi Agosti, zaidi ya meli 160 zilikuwa zimetia nanga katika pande mbili za mfereji zikisubiri zamu.

Kiwango cha meli 18 hakikufikiwa. Mvua za Novemba zilinyesha vizuri kuliko ilivyotarajiwa, hatua za kubana matumizi ya maji zilisaidia, na katikati ya Desemba Mamlaka ikatangaza kwamba kuanzia Januari idadi ingekuwa 24. Kuanzia hapo ilipanda kidogo kidogo hadi ikarejea 36 mwezi Septemba 2024. Kwa mwenye meli, kisa kiliishia hapo. Hata hivyo, mazingira yaliyofanya ukosefu wa mvua wa msimu mmoja uguse njia inayobeba takribani asilimia 5 ya biashara ya baharini duniani bado yapo, na hatua kubwa iliyopendekezwa kuyabadili haijajengwa.

Baadhi ya vichwa vya habari vya wakati ule vilisema mfereji “umekauka”. Haukukauka, na tofauti hiyo ina uzito katika kuelewa kilichotokea. Mfereji wa Panama, tofauti na ule wa Suez, hauko usawa wa bahari. Meli hupandishwa takribani mita 26 hadi Ziwa Gatún, ambalo liliundwa kwa kuzuia Mto Chagres, husafiri juu ya ziwa hilo, kisha hushushwa upande wa pili. Upandishaji hufanyika ndani ya vyumba vya zege vyenye milango mikubwa: meli huingia, mlango hufungwa nyuma yake, na maji ya ziwa hutiririka kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, mpaka chumba kijae na meli iinuke. Wakati wa kushuka, maji hayo huachiwa yaende zake. Kila meli inayovuka kwa njia ya vyumba vya zamani hugharimu ziwa takribani lita milioni 200 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayoishia baharini. Kwa hiyo, swali ambalo wasimamizi hulikabili kila asubuhi ni meli ngapi zinaweza kuruhusiwa leo bila kulishusha ziwa hadi mahali ambapo meli za miezi ijayo hazitaelea kwa kina kinachotakiwa.

Sababu ya kwanza, na ambayo ushahidi wake ni imara zaidi, ni mvua. Oktoba 2023 ilikuwa Oktoba yenye mvua chache zaidi katika bonde la mfereji tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1950, mvua zikiwa pungufu kwa asilimia 41. Ni mwezi ambao kwa kawaida huwa katikati ya msimu wa mvua, ule unaoanza Mei na kuisha Desemba, na ndio unaojaza ziwa kwa ajili ya kiangazi cha Januari hadi Aprili. Ziwa likiingia kiangazi likiwa pungufu, hakuna cha kulifidia hadi Mei. Mwanzoni mwa 2024 Ziwa Gatún lilikuwa chini kwa takribani mita 1.8 ya kiwango kinachotarajiwa kwa wakati huo wa mwaka.

Nini kilizuia mvua? Hapa inafaa kwenda taratibu, kwa sababu katika miezi ya mwanzo maelezo mawili yalichanganywa kana kwamba ni moja. Viongozi kadhaa wa mfereji na vyombo vingi vya habari vilitaja kwa pamoja mabadiliko ya tabianchi na El Nino, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki ambako nchini Panama hupunguza mvua. Mwezi Mei 2024 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichapisha tathmini yake, likitumia kumbukumbu za mvua za Panama na miundo ya kompyuta ya hali ya hewa. Tathmini hiyo ilihitimisha kwamba El Nino iliongeza takribani mara mbili uwezekano wa kupata mvua chache kiasi hicho, lakini haikupata ushahidi kwamba ongezeko la joto duniani ndilo lililosababisha upungufu huo. Hitimisho hilo linahusu mvua za mwaka mmoja katika eneo moja. Halisemi kwamba joto halina athari yoyote, wala halitabiri miaka ijayo. Hata hivyo linatosha kumzuia mwandishi makini asiandike kwamba mabadiliko ya tabianchi “yalisababisha” ukame wa 2023, kama ambavyo lingemzuia kuandika kwamba hayatahusika na ukame unaofuata.

Mvua peke yake haimalizi maelezo, maana Panama ni miongoni mwa nchi zenye mvua nyingi zaidi duniani, na El Nino kali za 1997 na 2015 nazo zililishusha ziwa. Tathmini hiyohiyo ilitaja jambo la pili: mahitaji ya maji yamekua. Ziwa Gatún na Ziwa Alajuela, lililo juu yake, ndiyo chanzo cha maji ya kunywa kwa zaidi ya nusu ya wananchi wa Panama. Maji yanayofika bombani hayawezi kuinua meli, na yaliyoinua meli hayawezi tena kufika bombani.

Upande wa meli nao ulibadilika. Mwaka 2016 vilifunguliwa vyumba vipya kwa ajili ya meli kubwa zaidi, vyenye mabeseni ya pembeni yanayoruhusu takribani asilimia 60 ya maji kutumika tena. Uhandisi huo huokoa maji mengi kwa kila tani ya shehena, ingawa vyumba vyenyewe ni vikubwa mno kuliko vile vya 1914. Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwa kutazama kipimo cha ziwa: vyumba vipya huingiza chumvi zaidi kutoka baharini, na kadiri maji yanavyorudiwa kutumika ndivyo chumvi inavyopanda kuelekea ziwa ambalo watu hunywa maji yake. Kwa hiyo pendekezo linalosikika mara nyingi, la kurudia maji zaidi, lina mpaka wa kiafya kabla ya kufika mpaka wa kifedha.

Dalili za ufinyu huu zilionekana kabla ya 2023. Mwaka 2019 ulikuwa mkavu, na Februari 2020 Mamlaka ilianzisha ada maalumu ya maji baridi, ambayo sehemu yake hupanda kadiri ziwa linavyoshuka. Ada ya namna hiyo haitozwi na mamlaka inayoamini kwamba maji yake hayana ukomo. Bado, kati ya ada hiyo na ukame wa 2023, hakuna chanzo kipya cha maji kilichoongezwa.

Matokeo ya kifedha hayakwenda kama wengi walivyodhani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, safari za kuvuka za meli kubwa zilishuka hadi 9,944 kutoka zaidi ya 12,600 mwaka uliotangulia, lakini mapato ya mfereji yalibaki karibu dola bilioni 5, juu kidogo ya mwaka uliopita. Viwango vipya vya ada, malipo ya maji na minada ya nafasi viliziba pengo. Walioumia walikuwa wengine. Meli za makontena, ambazo huenda kwa ratiba na huweka nafasi mapema, zilipita kwa sehemu kubwa. Meli za shehena kichele, yaani mzigo usiofungashwa, hasa za nafaka, ambazo hukodiwa safari kwa safari, zilibaki kwenye foleni au zikazunguka mbali. Baadhi zilielekea Suez, mpaka mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari Nyekundu yaliyoanza mwezi huohuo wa Novemba 2023 yalipoifanya njia hiyo nayo kuwa ya hatari, na Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, ikabaki kuwa njia kuu ya kuzungukia.

Yanayoweza kufuata yanategemea mambo matatu yasiyokwenda kwa kasi moja.

La kwanza ni mvua yenyewe. El Nino hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba. Ikirudi kabla ya chanzo kipya cha maji kukamilika, Mamlaka itakuwa na zana zilezile za 2023: kupunguza kina ambacho meli huruhusiwa kuzama majini, kupunguza idadi ya safari, kuhamisha maji kati ya vyumba vya zamani vilivyo sambamba, na kusimamisha uzalishaji wa umeme kwenye bwawa la Gatún. Zana hizo zilizuia hali kuwa mbaya zaidi mara ile. Mwaka ambao mvua za Novemba nazo zitakosekana utazijaribu kwa namna ambayo bado hazijajaribiwa.

La pili ni Mto Indio. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Panama ilibatilisha sheria ya mwaka 2006 iliyokuwa imelipunguza bonde la mfereji, na hivyo kuifungulia Mamlaka njia ya kutumia mito ya magharibi. Mapema 2025 bodi ya mfereji iliidhinisha bwawa katika Mto Indio pamoja na handaki la kupeleka maji Gatún, kwa gharama inayokadiriwa kuwa takribani dola bilioni 1.6. Ujenzi umepangwa kuanza 2027 na kukamilika mwanzoni mwa muongo ujao. Mamlaka inasema mradi huo utahudumia meli na mabomba ya majumbani kwa pamoja, na kwamba wakazi watakaohamishwa, ambao ni takribani 2,000, watalipwa fidia na kupewa makazi. Sehemu ya wakazi wa bonde hilo, wengi wao wakulima, wanapinga kuhamishwa na wameandamana mara kadhaa, wakisema mto ndio maisha yao. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja tu: bwawa likijengwa, vijiji vitafunikwa na maji.

La tatu ni uamuzi wa wateja wenyewe. Mwenye meli ya nafaka anayekumbuka foleni ya Agosti 2023 anaweza kuamua kulipia nafasi mapema, kuzunguka mbali, au kubahatisha. Uamuzi huo hautangazwi popote, lakini huonekana katika minada: bei ya nafasi inapopanda wakati ziwa bado liko kwenye kiwango cha kawaida, soko linakuwa limeanza kulipia uhaba ambao bado haujafika.

Vipimo vya kufuatilia viko wazi kwa yeyote, kwa kuwa Mamlaka huchapisha kiwango cha Ziwa Gatún na makadirio yake ya wiki zijazo. Kipimo chenye taarifa nyingi zaidi ni cha mwisho wa Desemba, siku ambayo ziwa linaingia kiangazi na akiba litakayoishi nayo hadi Mei.