Sipo ofisini: nipo China hadi 10 Mei 2026 (oda yako haijasimama)

Habari,

Ahsante kwa barua pepe yako. Jibu hili limejituma lenyewe, mimi bado sijaisoma.

Kuanzia Jumanne 28 Aprili hadi Jumapili 10 Mei 2026 nipo China kutafuta mzigo: kwanza Guangzhou, kwenye maonyesho ya Canton, awamu ya tatu ambayo ndiyo ya vitambaa, kisha Keqiao kwenye soko la vitambaa. Narudi kazini Jumatatu 11 Mei.

Kwa jambo lolote lisilosubiri, zungumza na Asha Mbonde, msimamizi wa duka. Simu ya duka nimemwachia yeye: ni namba ile ile iliyo juu ya risiti yako na kwenye kibao cha dukani, ya kupiga na ya WhatsApp. Barua pepe yake ni asha@zulfamapazia.co.tz. Yupo Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi hadi saa 8 mchana. Ukimwandikia ndani ya saa hizo atakujibu siku hiyo hiyo. Ijumaa 1 Mei, Mei Mosi, tumefunga.

Asha anaweza kukupa bei, kupokea kianzio, kumtuma fundi aje kupima madirisha na kukupunguzia hadi asilimia 10. Zaidi ya hapo hana ruhusa, kwa hiyo tafadhali usimbane. Mkopo na oda za hoteli au ofisi vinanisubiri mimi.

Ukitaka nikujibu mwenyewe, nipe siku 2 za kazi, na kwa oda kubwa yenye hesabu ya bei siku 3. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa 5. Wewe ukifunga ofisi saa 11 jioni, kule ni saa 4 usiku, na mimi ndiyo kwanza nimevua viatu baada ya kuzunguka kumbi kutwa. Nitasoma barua mara moja kwa siku, usiku. Tarehe 6 Mei nipo njiani kwenda Keqiao, usinitegemee kabisa. Zitakazobaki nitazimaliza hadi Jumatano 13 Mei.

WhatsApp yangu binafsi usiitumie. Kwa mtandao wa kawaida wa kule haifunguki, na ukiona tiki moja tu usidhani nimekununia. Barua pepe hii au WeChat ndiyo njia.

Sasa jambo la pesa, na hili naomba ulisome mara mbili. Safari iliyopita mteja wangu mmoja alipata ujumbe kwamba "Mama Zulfa amekwama uwanja wa ndege, tuma laki nane, akirudi zitakatwa kwenye bili yako". Sikuwa nimekwama popote; nilikuwa nakula tambi. Aliituma, na haikurudi. Mimi siombi pesa kwa ujumbe, niwe Dar au ng'ambo. Malipo yote ni kwa Lipa Namba ya duka, na kabla ya kuweka namba ya siri hakikisha jina linalotokea ni ZULFA MAPAZIA. Likiwa jina la mtu, acha, mpigie Asha. Na risiti ya EFD daima.

Kwa wanaoulizia mapazia ya Idi el-Hajj mwishoni mwa Mei: mzigo wa safari hii hautawahi. Unakuja kwa meli, halafu kuna bandari, na mimi siahidi chochote kabla ya mwanzoni mwa Julai. Chagua vilivyopo dukani; shia nyeupe na kitambaa kizito cha kahawia na kijani vipo vya kutosha. Fundi Saidi apime kwako kabla ya 14 Mei, la sivyo mashine zitakuwa zimejaa. Na kwa masika haya, mtaani kwenu kukijaa maji mwambie Asha mapema, gari la duka si boti.

Kama unataka nikutafutie rangi fulani kule, nitumie hadi tarehe 5 Mei picha uliyoipiga mchana karibu na dirisha (taa ya ndani hugeuza krimu ikawa njano), upana wa fimbo, na urefu kutoka fimbo hadi sakafuni. Andika "RANGI" kwenye kichwa cha barua ili niione kwanza. Bila vipimo sinunui, maana mita tatu zilizopungua siwezi kuzifuata tena Keqiao.

Wako,

Zulfa Mkwawila
Zulfa Mapazia, Kariakoo, Dar es Salaam